Kamisheni kwa washawishi: nani anabeba hasara mauzo yasipokuja?

Wenye maduka ya mtandaoni wengi wamechoka kulipia matangazo. Unaweka fedha Instagram au Facebook, tangazo linatembea, watu wanalaiki, na mwisho wa mwezi huoni mauzo yanayolingana na kiasi kilichotoka mfukoni. Ndiyo maana hoja ya kumlipa mshawishi kwa kamisheni imepata wasikilizaji: auze kwanza, ndipo alipwe. Mfanyabiashara wa Kariakoo hahitaji kuelezwa mpango huu, kwa sababu mawinga wanaishi nao kila siku. Ila winga humshika mteja mkono hadi mlangoni, na mwenye duka anamwona nani kamleta nani. Mtandaoni mkono huo haupo, na migogoro mingi ya kamisheni inaanzia hapo.

Tuanze na hesabu, kwa mfano wa kubuni wa duka la mikoba Dar es Salaam. Mkoba unauzwa shilingi 60,000, na hadi unafika dukani umegharimu 36,000. Nafasi ya kufanyia kazi ni 24,000 kwa kila mkoba. Duka likitumia 300,000 kwa matangazo ya mwezi na kuuza mikoba 30, kila mauzo yamegharimu 10,000 na duka limebaki na 14,000. Mwezi ukiwa mbaya, likauza mikoba 12 tu, kila mauzo yamegharimu 25,000. Hapo duka limetoa mzigo, limefanya kazi, na limeongeza fedha yake juu. Matangazo hulipwa bila kujali kama mteja amekuja.

Sasa mshawishi. Anapewa asilimia 10 ya fedha ambayo mteja amelipa, na wafuasi wake wanapata punguzo la asilimia 5 wakitaja msimbo wake. Mteja analipa 57,000, mshawishi anapata 5,700, na duka limeachia jumla ya 8,700 ukihesabu na punguzo. Linabaki na 15,300. Ikiuzwa mikoba 12 au 30, baki hiyo haibadiliki kwa kila mkoba. Kwa duka dogo lenye mtaji wa mkopo, uhakika huo una thamani kubwa kuliko tofauti ya shilingi 1,300 inayoonekana kwenye karatasi.

Watetezi wa kamisheni huishia hapa, na mimi naona wanaishia mapema mno. Kuna swali ambalo hesabu hiyo hailigusi: kati ya mikoba 30 iliyouzwa kwa msimbo, mingapi ingeuzwa hata mshawishi asingesema neno? Tuseme wanunuzi 10 walikuwa wateja wa zamani waliouona msimbo wakaona afadhali waokoe 3,000. Duka limetoa 261,000 na limepata wateja wapya 20, yaani 13,050 kwa kila mteja mpya. Ghafla kamisheni imekuwa ghali kuliko tangazo la mwezi mzuri. Haki inataka tuseme kwamba matangazo nayo huwafikia wateja wa zamani, lakini huko unaweza kupakia orodha ya namba zao na kuagiza wasionyeshwe tangazo. Mshawishi hawezi kumzuia mteja wako asimfuate.

Kipimo chake si kigumu. Linganisha namba za simu za waliotumia msimbo na namba zilizowahi kukulipa, zilizomo kwenye kumbukumbu za malipo ya simu. Wateja wa zamani wakizidi theluthi, unamlipa mtu akuletee watu uliokuwa nao. Maduka mengine huweka sharti kwamba kamisheni kamili ni ya mteja mpya tu, na ya mteja wa zamani ni nusu. Ni sharti la haki, mradi mshawishi ameambiwa kabla hajaanza kurekodi video.

Kwenye ufuatiliaji ndipo mipango hii huvunjika kwa wingi. Kwenye duka lenye tovuti, linki ya mshawishi hubeba alama inayoonyesha mteja katoka wapi, kwa mfano:

```
https://duka.example/mkoba?utm_source=instagram&utm_medium=mshawishi&utm_campaign=ASHA5
```

Mteja akibonyeza, tovuti huacha kuki, yaani kumbukumbu ndogo ya kumtambua akirudi, kwenye simu yake, na akinunua ndani ya muda uliowekwa, mauzo yanahesabiwa kwa mshawishi. Muda huo ni sharti la kwanza la kuuliza. Kwa Amazon, yenye mpango wa kamisheni tangu 1996, kwa kawaida ni saa 24 tu. Mwingine anaweza kutoa siku 30. Kwa bidhaa ambayo mtu huifikiria hadi mshahara utoke, saa 24 ni kama hakuna.

Hata muda ukiwa mrefu, kuki hupotea. Linki iliyobonyezwa ndani ya Instagram hufunguka kwenye kivinjari cha Instagram yenyewe. Mteja akirudi jioni kupitia Chrome, tovuti inamwona mgeni na mshawishi hapati kitu. Kwa duka la kwetu tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu mauzo mengi hayafungwi kwenye tovuti kabisa. Mteja anaingia inboksi, anahamia WhatsApp, anauliza bei ya mwisho, analipa kwa Lipa Namba. Muamala unaonyesha jina na namba ya simu. Hauonyeshi linki yoyote.

Kwa mazingira hayo naamini msimbo wa kutamka unafaa kuliko linki, na vikichanganywa ni bora zaidi. WhatsApp inaruhusu linki inayofungua ujumbe ulioandikwa tayari:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari,%20naulizia%20mkoba.%20Msimbo%20ASHA5
```

Kila mshawishi anapewa msimbo wake, na anayejibu ujumbe anauandika kwenye oda siku ileile. Mteja anaweza kuufuta, lakini punguzo linampa sababu ya kuuacha. Upungufu wa msimbo ni kwamba huvuja. Ukiona oda za ASHA5 zinaongezeka wiki ambayo mwenyewe hajaweka hata picha moja, msimbo umeshaingia kwenye magrupu ya punguzo. Ukiona oda kadhaa zenye anwani moja na namba zinazobadilika, huenda mtu anajinunulia ili afikie kiwango cha malipo.

Upande wa mshawishi una hatari zake, nazo huzungumzwa kidogo. Desemba 2024 ilisambaa YouTube video iliyoituhumu Honey, programu ya kutafuta punguzo inayomilikiwa na PayPal, kwamba mteja alipofika hatua ya kulipa iliweka alama yake mahali pa alama ya mshawishi aliyemleta. Kesi zilifunguliwa Marekani, na PayPal ilijitetea kwamba Honey inafuata taratibu za sekta, ikiwemo ile ya kumpa kamisheni aliyebonyezwa mwisho. Utetezi huo ndio unaoonyesha udhaifu wa utaratibu wenyewe. Aliyefanya kazi ya kumshawishi mteja kwa wiki mbili anaweza kupoteza kila kitu kwa aliyetokea dakika ya mwisho. Duka linaloajiri washawishi kadhaa kwa mpigo lina tatizo hilohilo, na mkataba useme wazi: mauzo ni ya msimbo uliotajwa kwenye oda, hata kama mteja alimwona mwingine kwanza.

Rudi kwenye mfano wetu. Mwezi wa mikoba 30 unampa mshawishi 171,000. Mwezi wa mikoba 12 unampa 68,400, na humo atoe nauli, bando na mpiga video. Hasara ambayo duka liliikwepa haikuyeyuka. Imehamia kwake. Kama mzigo uliisha dukani, picha zilikuwa mbaya au aliyeshika simu ya duka alijibu wateja kesho yake, mshawishi amekosa fedha kwa makosa yasiyo yake. Ndiyo sababu wenye majina makubwa hukataa kamisheni tupu, na wala si kiburi. Kwa maoni yangu mpango wa haki kwa duka dogo ni kulipa gharama ya kutengeneza video, hata kama ni kiasi kidogo, kisha kamisheni juu yake. Anayekataa kulipa chochote mwanzoni atabaki na washawishi wasio na kazi nyingine, na wasioweka nguvu.

Masharti ya malipo yanahitaji uangalifu kuliko asilimia. Kwanza, asilimia ya nini? Ni kawaida kuhesabu kwa fedha iliyopokelewa baada ya punguzo, bila VAT na bila gharama ya kufikisha mzigo. Ikiwa mkataba umesema tu “asilimia 10 ya mauzo”, ugomvi utakuja. Pili, mauzo yanakamilika lini? Pale ambapo mteja hulipa mzigo ukifika, wapo wanaobadili mawazo bodaboda akiwa getini. Kati ya oda 30, zikikataliwa nne, kamisheni inashuka hadi 148,200, na duka limeshalipa bodaboda bure mara nne. Kwa hiyo kusubiri siku saba baada ya mzigo kupokelewa kuna maana. Kusubiri siku 60 kwa mkoba uliouzwa Dar hakuna maana, hata kama Amazon hulipa takribani siku 60 baada ya mwezi kwisha. Duka lenye fedha mkononi likikaa nayo miezi miwili linakopa kwa mshawishi bila riba.

Tatu, kiwango cha chini cha kulipwa. Kikiwekwa 100,000, mshawishi wa mwezi mbaya katika mfano wetu hapati chochote, na lazima mkataba useme kwamba 68,400 zake zinahamia mwezi unaofuata. Nne, kodi. Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5, inayokatwa kabla ya malipo, kwa mkazi anayelipwa kutokana na maudhui ya kidijitali, na kamisheni za aina hii zimetajwa humo. Anayedai 5,000 akipokea 4,750 asidhani ameibiwa, lakini adai uthibitisho kwamba 250 zimefika KRA, mamlaka ya mapato ya huko.

Kuna sharti moja ambalo mshawishi asikubali kuliacha wazi: haki ya duka kubadili asilimia. Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni za samani kutoka asilimia 8 hadi 3, na walioandika makala kwa miaka wakitegemea kiwango cha zamani hawakuwa na la kufanya. Kwa duka letu, andika kwamba mabadiliko yanaanza siku 30 baada ya taarifa, na kwamba oda zilizoingia kabla ya hapo zinalipwa kwa kiwango cha awali. Andika pia kwamba mkataba ukivunjwa, msimbo unaendelea kuhesabiwa siku 14. Video haifutiki kichwani mwa mteja siku ambayo ninyi wawili mmeachana, na mwenye duka atazipokea oda hizo.