Dabi ya Kariakoo haina mwenyeji, na Elo yako inapaswa kulijua hilo

Simba na Yanga wakikutana kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, ratiba ni lazima imwandike mmoja wao kuwa mwenyeji. Ukichukua matokeo jinsi yalivyo na kuyaingiza kwenye hesabu ya Elo, ile inayoipa kila timu pointi za nguvu na kuzibadilisha baada ya kila mchezo, huyo aliyetajwa kwanza ataongezewa pointi za nyumbani. Wengi huweka 100, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na World Football Elo Ratings, orodha maarufu ya timu za taifa. Timu mbili zenye nguvu sawa zinageuka hapo hapo: moja inatarajiwa kuvuna 0.64 ya mchezo, nyingine 0.36. Zikitoka sare, "mwenyeji" anakatwa pointi kwa kosa la kutokushinda mchezo ambao mpinzani wake hakusafiri hata kilomita moja ya ziada kuufikia, na ambao jukwaa limegawanyika rangi mbili.

Nasema hivi: faida ya nyumbani ipimwe kutoka kwenye matokeo ya ligi yenyewe, itolewe kwa kuangalia uwanja na si jina la kwanza kwenye ratiba, na ikamilike kabla hujaanza kuhangaika na K, namba inayoamua matokeo ya mchezo mmoja yasogeze pointi kiasi gani. Watu wengi hufanya kinyume. Hutumia muda mwingi kuchagua kati ya K ya 20 na ya 25, huku H, yaani hizo pointi za nyumbani, wameiokota kwa jirani.

Hesabu yenyewe ni fupi. R ni kiwango cha timu, yaani pointi zake, na E ni matokeo yanayotarajiwa kwa mwenyeji. S ni matokeo ya mwenyeji: 1 akishinda, 0.5 sare, 0 akifungwa.

```
d = R_mwenyeji + H - R_mgeni
E = 1 / (1 + 10**(-d/400))
R_mwenyeji += K * (S - E)
R_mgeni    -= K * (S - E)
```

Tuseme mwenyeji ana 1500, mgeni ana 1600, H ni 50 na K ni 20. Tofauti ni −50, kwa hiyo E ni 0.43. Mwenyeji akishinda anapata pointi 11.4, sare inampa 1.4, na akifungwa anapoteza 8.6. Angalia ile sare: imempa pointi kwa sababu alikuwa dhaifu hata baada ya kuongezewa H. Ungeweka H ya 100, tofauti ingekuwa sifuri na sare isingempa kitu.

Kuipima H si kazi ngumu. Katika ligi ambayo kila timu inacheza na nyingine nyumbani na ugenini, nguvu za timu zinafutana, na kinachobaki ni mgao wa wenyeji kwa jumla. Chukua Ligi Kuu ya Uingereza, msimu wa 2018/19: wenyeji walishinda michezo 181, sare 71, wageni wakashinda 128. Mgao wa wenyeji ni (181 + 35.5) gawanya kwa 380, yaani 0.570. Kuugeuza kuwa pointi za Elo:

```
H = 400 * log10(0.570 / 0.430)
```

Jibu ni karibu 49. Nusu ya ile 100.

Kuna marekebisho mawili ya kuzingatia. La kwanza, namba hiyo iko chini kidogo ya ukweli. Timu kubwa ikimkaribisha dhaifu, ushindi wake tayari una uhakika mkubwa na pointi za nyumbani hazina nafasi ya kuongeza mengi, hivyo wastani wa ligi unashuka. Kwa ligi yenye pengo la kawaida kati ya juu na chini, 49 inakuwa kitu kati ya 55 na 60. La pili, msimu mmoja wa michezo 380 bado unayumba kwa bahati kiasi cha pointi 16 hivi upande huu au ule. Kwa hiyo usibadilishe H kwa sababu ya msimu mmoja. Changanya mitatu au minne.

Isipokuwa hali yenyewe ikibadilika. Msimu wa 2020/21, majukwaa yakiwa matupu karibu muda wote kwa sababu ya korona, wenyeji wa ligi hiyo hiyo walishinda 144, sare 83, wageni 153. Fanya hesabu ile ile na H inatoka takriban −8, kwa lugha nyingine sifuri. Hilo halikuwa kuyumba kwa bahati tu. Aliyeendelea na H ya 60 msimu mzima alikuwa anawadai wenyeji kitu ambacho mashabiki waliokuwa nyumbani mbele ya televisheni hawakuweza kuwapa.

Ukitaka H ijirekebishe yenyewe, ongeza mstari mmoja: baada ya kila mchezo, `H += 1.0 * (S - E)`. Kwa hatua ya 1.0, nusu ya kosa lolote la H hufutika ndani ya michezo 480 hivi. Ligi Kuu Tanzania Bara yenye timu 16 ina michezo 240 kwa msimu, kwa hiyo hiyo ni misimu miwili. Ni mwendo mzuri kwa mabadiliko ya polepole, lakini kwa jambo la ghafla kama viwanja kufungiwa mashabiki ni wa kobe. Hapo ishushe kwa mkono.

Sasa turudi Dar es Salaam. Ukiangalia ligi yetu utashawishika kumpa kila mwenyeji H yake. Safari ya Bukoba kuifuata Kagera Sugar, kabla haijashuka daraja mwaka 2025, ilikuwa ndefu, Mbeya iko juu na baridi yake inajulikana, na unahisi kwamba Kaitaba na Sokoine vinastahili zaidi ya uwanja wa mjini. Inawezekana ni kweli. Tatizo ni kwamba timu moja inacheza nyumbani mara 15 tu kwa msimu, na michezo 15 inatoa kipimo kinachoyumba karibu pointi 80 upande huu au ule. Kitu unachokitafuta kina ukubwa wa pointi 50. Utakachokipata ni kelele, kisha utaipa kelele jina la uwanja. Hata ukikusanya misimu mitano bado unayumba pointi 35, na ndani ya misimu mitano kikosi, kocha na pengine uwanja wenyewe vimeshabadilika.

Kwa maoni yangu makundi matatu yanatosha. Mwenyeji kwenye uwanja wake dhidi ya mgeni aliyesafiri anapata H kamili. Timu mbili za mji mmoja, kila moja na uwanja wake, zipate nusu, mpaka data yako ikuonyeshe vingine. Uwanja wa pamoja au usio wa yeyote, sifuri. Hii inahitaji safu moja ya ziada kwenye jedwali lako, inayosema mchezo ulichezwa wapi hasa. Ni kazi ya mkono na inachosha, lakini hapo ndipo haki ilipo.

Safu hiyo ni muhimu zaidi kwa timu za taifa za Afrika, ambako nchi isiyo na uwanja ulioidhinishwa na CAF "hukaribisha" nje ya mipaka yake. Juni 2024 Kenya ilicheza michezo yake miwili ya nyumbani ya kufuzu Kombe la Dunia huko Lilongwe, Malawi: 1-1 na Burundi, kisha 0-0 na Ivory Coast. Jedwali linaloisoma Kenya kama mwenyeji, kwa H ya 100 na K ya 40, linaikata kama pointi 5 hivi zisizo halali kwa kila mchezo wa namna hiyo. Orodha ya FIFA ya wanaume, ambayo tangu Agosti 2018 inafuata mtindo wa Elo, imekwepa mtego huu kwa kutohesabu faida ya nyumbani kabisa. Sikubaliani na njia hiyo. Kuacha kuhesabu ni sawa na kuamua kwamba H ni sifuri kila mahali, na matokeo ya miaka mingi yanasema si sifuri.

Ukishaiweka H, ihakiki. Jumlisha (S − E) ya wenyeji wote wa msimu. Jumla ikiwa mbali juu ya sifuri, H ni ndogo; ikiwa mbali chini, ni kubwa. Kwa michezo 240, jumla ya hadi 7 upande wowote ni bahati ya kawaida, na ikipita 14 una tatizo.

Tukija kwenye K, swali la kujiuliza ni timu ikumbuke yaliyopita kwa muda gani. Kwa timu zinazokaribiana nguvu, K ya 20 inafuta nusu ya kosa la kiwango ndani ya michezo 24 hivi. K ya 40 inafanya hivyo kwa 12, na K ya 10 inahitaji 48. Lakini kasi ina gharama: hata timu isiyobadilika kabisa, kiwango chake kitapanda na kushuka kwa bahati kama pointi 36 ukitumia K ya 20, na 51 ukitumia ya 40. Katika ligi ya michezo 30 kwa msimu, K ya 40 inasahau mzunguko wa kwanza kabla wa pili haujaisha. Mimi ningeanza na 20.

Usinakili K bila kuangalia mfumo ilikotoka. Ile orodha ya World Football Elo Ratings inatumia 60 kwa fainali za Kombe la Dunia na 20 kwa mechi za kirafiki, kwa sababu timu ya taifa inacheza mara chache na kila mchezo mkubwa una habari nyingi. FIFA nayo inafika 60, lakini kwenye fomula yake kigawanyo ni 600 badala ya 400, kwa hiyo 60 yake ni sawa na 40 kwenye mizani hii. Na ukiongeza kizidishi cha idadi ya mabao, punguza K, maana kizidishi hicho chenyewe kinaipandisha.

K inahakikiwa kwa kutabiri. Msimu wa kwanza uache upite ili viwango vitulie, kisha kwa kila K kutoka 8 hadi 50 chukua wastani wa mraba wa (S − E), ukitumia viwango vya kabla ya mchezo pekee. Utaona bonde pana: 16 na 24 zitapishana kidogo mno, na hakuna sababu ya kugombania. Kipimo kinachonisaidia zaidi ni kufuatilia (S − E) ya timu moja mchezo hadi mchezo. Timu ikizidi matarajio leo, na kwa jumla timu za namna hiyo zikazidi tena mchezo unaofuata, K ni ndogo na viwango viko nyuma ya ukweli. Zikianguka chini ya matarajio, K ni kubwa na umewapandisha kupita kiasi.

Timu zilizopanda daraja ziwekewe K maradufu kwa michezo kumi ya kwanza, zikianzia karibu na kiwango cha zilizoshuka. Wapinzani wao wabaki na K ya kawaida, ingawa jumla ya pointi za ligi haitabaki sawa. Irekebishe mwisho wa msimu kwa kuongeza au kutoa kiasi kile kile kwa kila timu.