Mkataba wa Meneja Ukivunjwa, Kamisheni Inakoma Lini?

Harmonize alipoondoka WCB mwaka 2019, watu walishika kiasi alichosema ametakiwa kulipa ili aachiwe: shilingi milioni 500. Ule ulikuwa mkataba wa lebo, na lebo huweka pesa zake kwenye rekodi. Meneja ni habari nyingine. Kwa kawaida hamiliki wimbo. Ana haki ya fungu la pato, mara nyingi asilimia 15 hadi 20. Tatizo la Bongo ni kwamba mtu mmoja huvaa kofia zote mbili, akalipia studio na video, kisha siku ya kuachana anadai gharama, kamisheni na rekodi zenyewe kwa mkupuo mmoja. Hesabu hizo zitenganishwe kabla ya mazungumzo mengine yoyote.

Tubaki na kamisheni. Tuseme msanii wa Dar es Salaam alisaini na meneja mmoja tu, miaka mitatu, asilimia 20. Mkataba umekwisha. Nyimbo 14 zimeshatoka na zinaingiza mirabaha ya shilingi milioni 40 kwa mwaka. Nyingine tisa zimelala kwenye kompyuta ya prodyuza.

Kwa zile 14, meneja ana hoja nzito. Mwaka wa kwanza alihangaika redioni na kwa mapromota wakati asilimia 20 yake haikutosha hata mafuta ya gari. Wimbo unaweza kuanza kulipa vizuri baada ya miaka miwili, na malipo ya mitandaoni nayo huchelewa kwa miezi. Kumkatia siku ile ile mkataba unapokufa ni kumwambia alilima, wengine wavune.

Msanii naye ana lake. Meneja mpya atataka asilimia 20 ya kila kinachoingia, nyimbo za zamani zikiwemo, kwa kuwa sasa yeye ndiye anayezisukuma. Wakilipwa wote wawili, milioni 16 kati ya 40 zinaondoka kabla msanii hajanunua hata kamba ya gitaa. Na mkataba ukisema kamisheni ni ya milele, hali hiyo haina mwisho.

Njia inayotumika sana ni kamisheni inayoshuka. Mwaka wa kwanza baada ya kuachana, asilimia 20, yaani milioni 8, wa pili 10, milioni 4, wa tatu 5, milioni 2, halafu basi. Meneja wa zamani anaondoka na milioni 14 pato lisipobadilika. Meneja mpya naye akubali kutochukua kitu kwenye nyimbo hizo mwaka wa kwanza, kisha achukue kinachobaki, ili jumla ya wote wawili isizidi asilimia 20. Hapo wengi hukwama, maana meneja mpya hakuwepo mezani. Asiletwe baada ya saini, aelezwe mapema.

Neno "pato" nalo lina mtego. Kama wimbo ni kolabo na nusu ya mirabaha ni ya mwenzake, meneja asikate kamisheni kwenye nusu ile. Mikataba mingi inasema "mapato yote" na kunyamaza.

Kwenye zile tisa ndipo pagumu. Mikataba hutumia maneno kama "kazi zilizofanywa ndani ya muda". Zilizofanywa ni zipi? Iliyoimbwa kwenye simu? Iliyorekodiwa sauti bila kumaliziwa mdundo? Meneja atasema studio ilipatikana kwa mkono wake. Pia ana hofu ya haki: msanii mjanja anaweza kuficha albamu nzima akisubiri mkataba ufe. Lakini wimbo ambao haujatoka haujaingiza kitu, na kazi ya kuupeleka kwa watu itafanywa na mwingine.

Mimi naegemea kwa msanii hapa, ila si kwa asilimia mia. Wakae na prodyuza, waorodheshe nyimbo kwa jina na tarehe ya faili la mwisho. Zilizokamilika na kutoka ndani ya miezi 12 zilipiwe nusu ya kamisheni, na zenyewe zifuate ngazi ile ile ya kushuka. Zile ambazo ni vipande tu, meneja arudishiwe alicholipia studio kwa risiti, asidai zaidi.

Mahakama za Uingereza, ambazo hukumu zake hushawishi zetu bila kuzifunga, ziliwahi kupima jambo la aina hii katika kesi ya mwanamuziki Gilbert O'Sullivan miaka ya 1980. Alikuwa amesaini akiwa kijana, akimwamini meneja wake bila ushauri wa mtu mwingine. Mikataba ilitenguliwa, lakini upande wa meneja uliruhusiwa kubaki na ujira wa haki kwa kazi iliyomkuza. Kwa hiyo hata mkataba mbovu haufuti jasho la meneja.

Baada ya hapo linabaki swali la nani anashika pesa. Mara nyingi barua pepe ya chaneli ya YouTube na akaunti ya msambazaji ziko mikononi mwa meneja. Zihamishiwe kwa msanii siku ya kusaini makubaliano ya kuachana, na msanii atoe taarifa ya mapato kila miezi sita. Meneja abaki na haki ya kukagua vitabu mara moja kwa mwaka, kwa gharama zake, isipokuwa akikuta amepunjwa.