Saa Kumi za Lancashire: Tofauti ya Kuhesabu Saa na Kufunga Lango

Katika viwanda vya kusokota pamba vya Manchester na miji jirani ya Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, msokotaji hakufanya kazi peke yake. Mashine yake ilibebwa na kigari kirefu kilichokwenda mbele kikivuta nyuzi na kurudi kikizikunja, mamia ya nyuzi kwa pamoja, na kila uzi uliokatika ulipaswa kuungwa mara moja kabla kazi haijaharibika. Kazi hiyo ya kuunga ilifanywa na watoto wawili au watatu waliotembea na kigari kutwa nzima, wakiinama na kunyoosha mikono katika ukumbi uliowekwa joto na unyevu makusudi ili pamba isikatike ovyo. Siku ya kazi ilikuwa ya saa 12, 13 au hata zaidi. Mara nyingi mtoto hakuajiriwa na mwenye kiwanda bali na msokotaji mwenyewe, ambaye alimlipa kutoka katika ujira wake.

Naanza na mashine kwa sababu mabishano yote yaliyofuata kuhusu saa za kazi yalifungwa humo. Mtu mzima na mtoto waliendeshwa na mtambo mmoja wa mvuke. Mtoto akiondoka na asipatikane wa kushika nafasi yake, mashine ya mtu mzima husimama. Kwa hiyo kila sheria ya kumlinda mtoto ilikuwa pia, bila kutamka hivyo, sheria ya kufupisha siku ya mtu mzima, na pande zote mbili zililifahamu jambo hilo vizuri.

Vyama vya wafanyakazi havikuanza kwa kutegemea Bunge. Sheria za mwaka 1799 na 1800 ziliharamisha wafanyakazi kuungana kudai ujira, na zilipofutwa mwaka 1824 mgomo ndio ulioonekana kuwa silaha ya asili. Wasokotaji wa Manchester waliitumia mwaka 1829, wakiongozwa na John Doherty, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa msokotaji mwenyewe, kupinga kupunguzwa kwa malipo. Baada ya takriban miezi sita walirudi kazini wameshindwa. Somo ambalo Doherty na wenzake walilipata ni kwamba mji mmoja hauwezi kugoma peke yake wakati miji mingine inaendelea kusokota, na kwamba saa za kazi zingeweza kupunguzwa tu kwa amri iliyowabana wenye viwanda wote kwa siku moja. Kamati za kudai saa fupi zilizoenea Lancashire na Yorkshire zilikua katika hali hiyo, zikishirikiana na watu wa tabaka jingine kabisa kama Richard Oastler, msimamizi wa mashamba ya tajiri, ambaye barua yake ya mwaka 1830 iliyolinganisha watoto wa viwanda vya Yorkshire na watumwa iliwatikisa wengi.

Sheria ya mwaka 1833 ilipopitishwa, mtu angetegemea kamati hizo zishangilie. Zilikasirika, na kwa maoni yangu zilikuwa na haki. Sheria ilikataza kuajiri watoto wa chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, ikaweka kikomo cha saa 9 kwa siku kwa wale wa chini ya miaka 13, na kuwateua wakaguzi wanne wa serikali. Hata hivyo walioiandaa walikusudia kabisa kumtenganisha mtoto na mtu mzima: watoto wangefanya kazi kwa zamu, kundi moja likitoka na jingine kuingia, huku mashine ikiendelea. Mtoto alipata nafuu ya kweli, lakini siku ya msokotaji haikupungua hata dakika moja. Utekelezaji nao ulisumbua, kwani usajili wa vizazi haukuanza mpaka mwaka 1837, na kabla ya hapo daktari alikadiria umri wa mtoto kwa kumtazama.

Hoja za wenye viwanda hazistahili kupuuzwa. Walisema kwamba pamba iliuzwa katika soko la dunia, kwamba mtu mzima aliye huru ana haki ya kuuza kazi yake kwa saa anazotaka, na kwamba familia maskini ingepoteza ujira wa watoto bila kupewa kitu badala yake. Hoja hii ya mwisho ilikuwa nzito, maana wazazi wengi walidanganya umri wa watoto wao kwa sababu ya njaa, si kwa ukatili. Dhaifu kuliko zote ilikuwa ile iliyosifiwa zaidi kwa usomi wake. Mwaka 1837 Nassau Senior, mwanauchumi wa Oxford, alikokotoa kwamba faida yote halisi ya kiwanda hutokana na saa ya mwisho ya siku, na hivyo kuiondoa saa hiyo ni kuiondoa faida. Hesabu yake ilichukulia kwamba mtu aliyechoka huzalisha sawa na aliyepumzika. Mwaka 1844 mwenye viwanda mmoja wa Preston, Robert Gardner, alipunguza siku kutoka saa 12 hadi 11 kwa hiari yake, na baada ya mwaka mmoja akaona kwamba uzalishaji haukupungua na wafanyakazi hawakupoteza ujira.

Mwaka 1847 Bunge lilipitisha saa 10 kwa wanawake na vijana wa miaka 13 hadi 18, kwa mswada ulioletwa na John Fielden, naye mwenyewe akiwa mwenye kiwanda cha pamba. Hapo ndipo kasoro ya kuhesabu saa za mtu mmoja mmoja ilipojitokeza wazi. Sheria iliruhusu kazi kati ya saa 11.30 alfajiri na saa 2.30 usiku, muda wa saa 15, na ndani ya muda huo baadhi ya wenye viwanda waliwapanga wanawake na vijana kwa vipande: mmoja anaanza asubuhi, anatolewa baada ya saa chache, anaitwa tena mchana, kisha jioni. Kwa daftari alikuwa amefanya saa 10. Kwa maisha yake alikuwa amefungwa kiwandani kutwa, na mkaguzi aliyeingia ghafla hakuwa na njia ya kujua kama mwanamke aliyemkuta mashineni yuko katika saa yake ya nne au ya kumi na mbili. Leonard Horner, mkaguzi wa Lancashire, aliwashtaki wahusika, lakini baadhi ya mahakimu walikuwa wenye viwanda au ndugu zao. Februari 1850 mahakama kuu mojawapo ya London iliamua kwamba maneno ya sheria hayakukataza zamu hizo.

Dawa iliyopatikana mwaka huohuo ilikuwa rahisi: badala ya kuhesabu saa za mtu, sheria ilifunga lango. Wanawake na vijana waliruhusiwa kazi kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni tu, au saa 1 hadi saa 1 wakati wa baridi, wakiwa na saa moja na nusu ya kula, na Jumamosi mwisho saa 8 mchana. Sasa mkaguzi alihitaji kuitazama saa tu, na mfanyakazi yeyote mtaani aliweza kuona taa za kiwanda zikiwaka usiku na kupeleka habari.

Gharama yake ilikuwa nusu saa, kwa kuwa siku ya saa 10 iligeuka kuwa ya saa 10 na nusu. Bwana Ashley, aliyeongoza harakati hizo bungeni, aliikubali, na wengi katika kamati za Lancashire na Yorkshire wakamwita msaliti. Naielewa hasira yao baada ya miaka 20 ya kudai saa 10 kamili, lakini naona Ashley alichagua vyema kati ya saa 10 zisizokaguliwa na saa 10 na nusu zinazokaguliwa. Kosa kubwa la mapatano hayo lilikuwa jingine: watoto wa chini ya miaka 13, ambao kwa jina lao mambo yote yalianza, waliachwa nje ya lango hilo, na kwa miaka mitatu wenye viwanda waliwatumia kuwasaidia wanaume jioni baada ya wanawake na vijana kuondoka, hadi Bunge lilipoliziba pengo hilo mwaka 1853.