Saa kumi za wiki: daftari za wateja au mswada wa riwaya?

"Nimeajiriwa. Nikitoa kazi, usingizi na familia, nabaki na saa kumi kwa wiki. Mimi ni mhasibu, na wafanyabiashara wadogo wananisumbua niwatunzie hesabu kwa malipo ya kila mwezi. Hapohapo nina riwaya ambayo nimeandika sura tatu. Mshika mbili moja humponyoka, hilo nalijua. Nishike lipi?"

Swali la namna hii watu huwa wanalijibu kwa tabia zao. Mwenye kupenda fedha atakwambia biashara, mwenye kupenda vitabu atakwambia fuata moyo. Wote wawili wanaruka jambo moja: saa kumi za biashara na saa kumi za riwaya si saa za aina moja. Tuzipige hesabu kwanza, maana muulizaji mwenyewe ni mtu wa hesabu.

Tuanze na biashara. Mteja mmoja mdogo, mwenye duka na akaunti moja ya benki, atakula kama saa nne kwa mwezi: mbili za kupanga risiti na kuziingiza, moja ya kulinganisha daftari na taarifa ya benki, na moja ya kumfuatilia kwa simu kuhusu ile risiti isiyoonekana. Saa kumi kwa wiki ni kama saa 43 kwa mwezi. Ukigawa kwa nne unapata wateja kumi, na hapo ndipo wengi wanapofunga kikokotoo na kuanza kuota.

Kasoro ni kwamba kazi ya hesabu haijisambazi sawasawa katika mwezi. Mwezi ukiisha, kila mteja anataka hesabu zake ndani ya siku kumi za mwanzo, kwa sababu ana marejesho ya kodi, ana mkopo, au anataka tu kujua kama amepata au amekula mtaji. Tuseme nusu ya kazi ya kila mteja, yaani saa mbili, lazima iangukie humo. Katika siku kumi wewe una saa 14 tu. Wateja ni saba basi, si kumi. Saa 15 zinazobaki katika mwezi huo si za kupumzika. Ndizo za kutafuta wateja wapya, kudai wanaochelewesha malipo, na kusahihisha makosa ya mwezi uliopita.

Kwa hiyo faida ina dari, na dari lenyewe ni wewe. Ili uvuke wateja saba lazima uajiri mtu, na msaidizi wa hesabu asiyekaguliwa ni hatari kuliko kutokuwa naye, kwa hiyo saa zako zitahama kutoka kwenye kuingiza risiti kwenda kwenye kumkagua. Huenda baada ya mwaka akasimama mwenyewe. Lakini mwaka huo wa kwanza, unachoita biashara ni ajira ya pili yenye mabosi saba.

Sisemi hivyo kuibeza. Ajira ya pili inalipa, na inalipa mapema. Mteja wa kwanza anaweza kukupa fedha mwezi huuhuu, jambo ambalo riwaya haitakufanyia hata kwa kuombwa. Kama una deni linalozaa riba, au ada ya mtoto inayojulikana tarehe na kiasi, mjadala huu ni mfupi: chukua wateja, andika pembeni kiasi unachohitaji, na siku kikitimia ujiulize upya. Hoja inakuwa ngumu pale tu fedha inapokuwa nzuri kuwa nayo, lakini huna jina la kuipa.

Sasa mswada. Tuseme riwaya ya maneno 60,000. Kwa mwendo wa maneno 300 kwa saa, ambao si wa kujivunia wala wa kuaibisha, rasimu ya kwanza ni saa 200. Kuipitia mara mbili kwa dhati kutachukua saa nyingine 200 hivi. Wengi hutumia zaidi. Jumla saa 400, yaani wiki 40. Kwa maneno mengine riwaya inaingia ndani ya mwaka mmoja wa saa zilezile kumi. Watu huitaja kama safari ya maisha, kumbe kwenye karatasi inaonekana mwisho wake, wakati wateja saba hawana mwisho.

Ila riwaya nayo ina kasoro yake. Haili saa zilizokatikakatika. Ukikaa mezani, dakika 20 za kwanza huenda katika kusoma ulikoishia, kukumbuka mhusika alikuwa amekasirikia nini, na kuisikia tena sauti ya msimulizi. Ukiwa na vikao kumi vya saa moja, umepoteza dakika 200 kwa wiki kwa kupasha injini moto. Ukiwa na vikao vitano vya saa mbili, umepoteza 100. Na ukiiacha miezi mitatu, hutarudi kwenye sura ya nne. Utarudi kwenye ya kwanza, uisome kama mgeni, uanze kuibadilisha. Wanaosema mswada hauozi wanasema nusu ya kweli: karatasi haiozi, lakini kile kichwa kilichokuwa kimeishika hadithi nzima kwa pamoja huachia.

Halafu kuna matokeo. Riwaya ya kwanza ya mtu asiyejulikana mara nyingi haipati mchapishaji, na ikimpata, malipo yakigawanywa kwa saa 400 yanachekesha. Anayeingia humu akitarajia malipo ashindane na wale wateja saba. Atashindwa, na ni haki yake. Anachonunua kwa saa hizo ni mswada uliokamilika, na kujua kama anaweza kuandika wa pili. Ni yeye tu wa kusema vina thamani gani kwake.

Kuna mfano mmoja wa kweli ambao unaufaa mgogoro huu kuliko ile mifano ya matajiri na wasanii maarufu tunayorushiana. Mwandishi Franz Kafka alikuwa mwajiriwa wa taasisi ya bima ya ajali kazini huko Praha, kazi ya saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Haikumfurahisha, lakini ilimlisha na kumwachia alasiri na usiku. Mwishoni mwa 1911 familia yake ilianzisha na shemeji yake kiwanda kidogo cha asbesto, naye akawa mshirika. Usiku wa tarehe 22 Septemba 1912 aliketi saa nne usiku na kuandika hadithi fupi nzima hadi saa kumi na mbili asubuhi, bila kusimama. Wiki mbili baadaye shemeji alisafiri, familia ikamtaka Kafka awe anaenda kiwandani alasiri. Ziara zenyewe zilikuwa za muda mfupi tu, lakini barua aliyomwandikia rafiki yake Max Brod ilijaa kukata tamaa kiasi kwamba Brod alimwandikia mama yake Kafka kwa siri kumwomba amwondolee mzigo huo. Kiwanda hakikuwahi kustawi, kikafa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Tusiusome mfano huu kama ushindi wa sanaa. Tunamkumbuka Kafka kwa sababu aliandika kama Kafka. Waliokataa kiwanda kisha wakaandika vibaya hatuna majina yao. Ninachokiona mimi ni kwamba ajira ya mchana hakuikimbia. Kilichomvunja ni kitu cha tatu, kilichokuja na kukaa juu ya zile saa chache nzima alizobaki nazo. Muulizaji wetu yuko palepale: ajira anayo, na wateja saba ndio kiwanda chake.

Hapo mtetezi wa biashara ana jibu zuri. Atasema: fanya biashara miaka miwili, ikunulie muda, kisha andika ukiwa umetulia. Mpango huo naukubali kwa sharti moja: biashara iweze kuingiza fedha wiki mbili ukiwa haupo. Kuuza kitu kilichokwisha kutengenezwa kunaweza kufika huko. Kutunza hesabu za watu kwa mikono yako hakufiki bila yule msaidizi, na tumeshaona gharama yake. Nami nazungumza kwa kuungua. Niliwahi kusanifu kadi za mialiko pembeni ya ajira, nikijiambia ni kwa muda tu. Nakumbuka usiku mmoja nimekaa, sentensi ya kwanza imekuja yenyewe, simu ikatetemeka: "Ndugu, jina la bibi harusi lina herufi moja imekosewa, na wachapaji wanafungua asubuhi." Kusahihisha kulichukua dakika nne. Sentensi ya pili sikuipata usiku ule.

Bado kuna swali la nini kitaondoka kikingojeshwa. Wafanyabiashara wanaohitaji mhasibu hawataisha. Hawa wanaokusumbua leo watapata mwingine, lakini mwakani watakuwepo wengine wenye mifuko ya risiti ileile. Mambo hubadilika kama fursa yako ni ya mtu mmoja: kwa mfano mteja mkubwa aliyeachwa ghafla na mhasibu wake, anayelipa peke yake sawa na wadogo watano. Huyo hangojei, na kwa ajili yake ningeifunga riwaya kwenye droo bila majuto.

Bila mteja wa aina hiyo wala deni lenye jina, kwa muulizaji huyu mimi naegemea mswada, kwa mwaka mmoja wenye tarehe ya kuisha. Lakini asinisadiki hivihivi. Achukue wiki sita. Tatu za kwanza amhudumie mteja mmoja tu, kwa malipo kamili na si kwa bei ya urafiki, aandike kila dakika pamoja na za simu na za kukumbushia malipo. Zikizidi saa nne kabla hata mwezi haujaisha, hata saba hawafikishi. Tatu zinazofuata aandike vikao vitano vya saa mbili kila wiki na kuhesabu maneno yaliyobaki baada ya kufuta. Kwa mwendo wa 300 kwa saa yangekuwa 9,000. Akipata 6,000, rasimu inakuwa saa 300 na zile wiki 40 zinakuwa 50, na hilo linavumilika. Akipata 1,500 na vikao vitano kati ya kumi na tano amevikwepa kwa kufua nguo na kupanga kabati, basi anachokipenda ni kuwa na riwaya, na wale wafanyabiashara bado wana risiti zao.