"Lazima" Inakaa Wapi? Vita vya Kesho na Mashua ya Ami

Tarehe 26 Agosti 1896, Harry Rawson, mkuu wa manowari za Kiingereza zilizokuwa mbele ya Mji Mkongwe, alimpelekea onyo Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia usultani wa Zanzibar: ashushe bendera na atoke jumbani kabla ya saa 3 asubuhi ya kesho yake, la sivyo atapigwa mizinga. Tuwaweke watu wawili barazani jioni ile. Mmoja asema, "Kesho patakuwa na vita baharini." Mwenzake asema, "Hapatakuwa."

Saa 3 na dakika 2 mizinga ikalia. Ilipofika kama saa 3 na dakika 40 jumba lilikuwa limebomoka, merikebu ya Sultani, Glasgow, ilikuwa inazama bandarini, na Khalid alikuwa amekimbilia kwa balozi wa Wajerumani. Ninachouliza ni hiki: yule wa kwanza, pale barazani, alikuwa tayari anasema kweli?

Ukijibu ndiyo, utakutana na mtu atakayekwambia hivi: kama jana ilikuwa kweli, basi vita vilikuwa havikwepeki, na Khalid, ashushe bendera asishushe, yangekuwa yale yale. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliliona tatizo hili zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Khalid, na mfano wake ulikuwa huu huu wa vita vya baharini kesho. Wengi wamemwelewa kuwa alijibu hivi: kauli nzima, "ama patakuwa na vita ama hapatakuwa," ni kweli leo, ila kila nusu yake peke yake bado haijawa kweli wala uongo. Mpaka kesho ifike.

Jibu zuri, lakini mimi linanikwaza. Adhuhuri ya tarehe 27 watu wangemwambia yule bwana, "Jana ulisema kweli." Wasingemwambia, "Maneno yako yamegeuka kuwa kweli asubuhi hii." Masikio yangu yanaikubali ile ya kwanza, na sioni sababu ya kuiacha, kwa sababu kosa la mwenye kusema "havikwepeki" liko pengine kabisa. Liko kwenye neno "lazima".

Sikiliza kauli mbili. Ya kwanza: "Ni lazima kwamba, ikiwa ni kweli kesho kuna vita, basi kesho kutakuwa na vita." Hakuna wa kuipinga hiyo, ni sawa na kusema mvua ikinyesha, imenyesha. Ya pili: "Ikiwa ni kweli kesho kuna vita, basi kesho vita ni lazima." Neno limehama kidogo tu, na kauli imekuwa nyingine. Lazima ya kwanza inaunganisha maneno na tukio. Ya pili inakaa juu ya tukio lenyewe, na hiyo hakuna aliyeithibitisha. Al-Farabi, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 950, aliitenga tofauti hii alipokisherehesha kitabu cha Aristotle. Mfano wake ulikuwa Zayd anayesafiri kesho: Mungu akijua kwamba Zayd atasafiri, Zayd atasafiri, lakini hilo halimwondolei Zayd uwezo wa kubaki nyumbani.

Mtu atasema: lakini jana imepita, na yaliyopita hayageuziki. Kweli, ila si kila jambo la jana limekamilika jana. Mnazi uliopandwa 1896 ukakatwa 1960, siku ile unapandwa ulikuwa tayari mnazi wa kukatwa baada ya miaka 64. Hakuna aliyeuchunguza mche akaliona shoka. Ukweli ule ulikuwa unaning'inia kwenye shoka, si shoka kwenye ukweli. Na kauli ya barazani ilikuwa kweli kwa sababu Khalid hakushusha bendera. Angeishusha, kweli ingekuwa ya yule wa pili.

Haya yote yananijia kwa sababu ya ami yangu kule Pemba. Mashua yake inavuja kwenye maungio, na kila nikimwambia aitie kalafati hunijibu, "Mwanangu, kama nimeandikiwa kuzama nitazama, kama sikuandikiwa sizami. Pamba ya nini?"

Wagiriki wa kale waliiita hii "hoja ya mvivu", na Chrysippus, mwanafalsafa wao mmoja, aliijibu kwa kusema kuwa mambo mengine yamefungamana katika kuandikwa kwake: huwezi kuandikiwa mtoto, ulale na mwanamke usilale. Basi nikamwambia ami: pengine umeandikiwa kufika salama na mashua iliyotiwa kalafati, na si kufika salama hivi hivi. Anayeisoma nusu moja ya maandishi na kuiacha nyingine, kaijuaje?

Alinyamaza, akatafuna tambuu yake. Kisha akasema, "Na wewe umeandikiwa kuniudhi." Jioni akanituma dukani, pamba na mafuta.