Msiombe RIP iongezewe hopu

Kila mjadala wa RIP, itifaki ambayo ruta huitumia kuambiana njia za mtandao, unapozuka kati ya mafundi wa mitandao, lalamiko ni lilelile: hopu 15, yaani ruta 15 za kuvuka njiani, ni chache mno, ruta za leo zina nguvu, kwa nini kikomo kisipandishwe hadi 255? Mimi napinga. Kikomo hicho ndicho kinachoifanya itifaki hii itumike bila kuleta maafa, na ukishaona kwa nini, utajua pia kama mtandao wako unaifaa au la.

Ruta inayoendesha RIP hutangaza jedwali lake la njia kwa majirani kila baada ya sekunde 30. Tangazo husafiri kwa UDP, poti 520, na katika toleo la pili huelekezwa kwenye anwani 224.0.0.9. Ndani yake kuna maelezo mafupi tu: mtandao fulani naufikia, uko umbali wa hopu kadhaa. Jirani anayelipokea anaongeza 1, anaandika kwenye jedwali lake, na zamu yake ikifika anatangaza naye. Hakuna ruta yenye ramani ya mtandao mzima. Kila moja inajua ilichoambiwa na jirani, na haijui jirani huyo amekipata wapi.

Chukua ruta tatu zilizofungwa kwa mstari: A, B, C. Nyuma ya C kuna mtandao wa 192.168.30.0/24. B inaufikia kwa hopu 1, A kwa hopu 2 kupitia B. Sasa kebo ya kati ya B na C inakatika. B inaifuta njia yake, lakini kabla haijamwambia yeyote, tangazo la kawaida la A linafika: "192.168.30.0 naufikia kwa hopu 2." B haijui kwamba njia hiyo ya A inapita kwake yenyewe. Inaipokea, inaongeza 1 na kuandika 3 kupitia A. B inatangaza 3, A inaandika 4. A inatangaza 4, B inaandika 5. Wakati huo pakiti yoyote ya kwenda 192.168.30.0 inarushwa kati ya A na B hadi TTL yake, idadi ya ruta inazoruhusiwa kuvuka, iishe. Ikiwa ilianza na 64, inaweza kupita kwenye linki hiyo moja mara zaidi ya 60 bila kufika popote, na watumiaji wengine wa linki wanaanza kulalamika kuwa mtandao ni mzito.

Kinachokomesha mzunguko huu ni namba 16, ambayo kwa RIP maana yake ni "hakufikiki". Ndiyo maana njia halali huishia 15. Piga hesabu: kutoka 3 hadi 16 ni nyongeza 13, na kwa kuwa A na B kila moja hutangaza mara moja ndani ya sekunde 30, namba hupanda kwa 2 katika muda huo. Ni kama sekunde 195, dakika tatu na ushee. Sasa weka "hakufikiki" iwe 256 kama wanavyotamani walalamikaji. Nyongeza zinakuwa 253, na kwa mwendo uleule ruta mbili zitadanganyana kwa zaidi ya saa nzima. Waraka wa RFC 1058 wa mwaka 1988, ulioandika rasmi toleo la kwanza, ulisema waziwazi kwamba muundo huu haufai kwa mitandao mikubwa zaidi ya hapo. Waliochagua 16 walijua wanachokifanya.

Mtu atasema mfano wangu ni wa kizamani, kwa sababu ruta zina kanuni ya kutomrudishia jirani njia uliyoipata kwake, ile inayowashwa kwa `ip split-horizon`, na pia hutuma taarifa ya dharura njia inapokufa badala ya kusubiri sekunde 30. Ni kweli, na kwa ruta mbili zinazotazamana kanuni hiyo inatosha. Lakini ongeza linki ya moja kwa moja kati ya A na C ili ruta zote tatu ziunde pembetatu, halafu mtandao ulio nyuma ya C ufe. C inawaambia A na B: 16. A inasikia. Pakiti ya kwenda B inapotea, na UDP haina risiti, kwa hiyo C haijui kuwa ujumbe haukufika. B bado inaamini ina njia ya hopu 1 kupitia C, na inamtangazia A. A inaandika 2 kupitia B, inamwambia C, C inaandika 3 kupitia A, kisha inamwambia B, nayo inaandika 4. Hakuna aliyevunja kanuni, maana kila mmoja anamwambia jirani mwingine, si yule aliyempa njia. Mzunguko umezaliwa upya, na wa kuuvunja ni 16 yuleyule. Ruta za Cisco huongeza kinga ya kukataa habari mpya za njia iliyokufa kwa sekunde 180, lakini unailipia kwa kusubiri hata pale njia mbadala nzuri ipo.

Hapa ndipo neno "mtandao mdogo" linapata maana yake. Wengi huhesabu ruta. Mimi nahesabu kwanza mizunguko: ruta tano zilizopangwa kama mti, bila njia ya pili ya kurudi, zinaweza kuendesha RIP kwa utulivu. Ruta nne zenye linki za akiba zinazounda pete tayari zinaomba OSPF, itifaki inayompa kila ruta ramani ya mtandao.

Kuna na suala la kasi. RIP inahesabu ruta, haioni upana wa linki. Linki moja ya setilaiti itashinda hopu mbili za faiba. Unaweza kuiongezea linki mbovu uzito kwa `offset-list`, tuseme 5, lakini hizo 5 zinakatwa kwenye zile 15, na nyuma ya linki hiyo bajeti inaanza kubana.

Ukiamua kuiendesha, haya yanatosha kwenye ruta ya Cisco:

```
router rip
 version 2
 no auto-summary
 network 10.0.0.0
 passive-interface GigabitEthernet0/1
```

Bila `version 2` tangazo halibebi kinyago cha mtandao, na subneti zenye ukubwa tofauti zinavurugika. Mstari wa mwisho unazuia matangazo yasimwagwe upande wa kompyuta za watumiaji.

Afya ya njia utaisoma kwenye `show ip route rip`:

```
R  192.168.30.0/24 [120/2] via 10.0.12.2, 00:00:17, GigabitEthernet0/0
```

Hiyo 2 ni hopu. Saa iliyo kulia inapaswa kurudi sifuri kila ikikaribia sekunde 30. Ukiona 00:01:10, matangazo mawili yamepotea. Ukiona hopu zinapanda kila unaporudia amri, hicho ndicho kile kisa cha A na B.

Jaribio moja lifanyike kabla ya kukabidhi mtandao. Usichomoe kebo kwenye ruta yenyewe, kwa sababu poti ikizimika ruta inajua papo hapo. Weka swichi kati ya ruta mbili, acha `ping` ikiendelea kuelekea mtandao wenye njia ya akiba, kisha chomoa kebo ya upande wa pili wa swichi. Ruta ya kwanza bado inaona poti yake iko hai, na itaendelea kuituma pakiti kwenye shimo hadi angalau sekunde 180 zipite bila kusikia tangazo. Mwonyeshe mwenye mtandao dakika hizo tatu au zaidi na umuulize kama ofisi yake inaweza kuzivumilia.