Mwenye chombo au nahodha: atalipa au watalipa?

Hapa Bagamoyo niliombwa kupitia rasimu ya kanuni za diko, pale vyombo vinapofikia pwani, kabla haijabandikwa. Kifungu kimoja kilisema: "Mwenye chombo au nahodha watalipa ushuru." Niliikataa hiyo "wa-", na bado naikataa. "Au" huchagua mmoja. Ukiandika "watalipa" umewafunga pamoja kana kwamba umeandika "na", na nahodha anaweza kudaiwa ushuru ambao mwenye chombo amekwisha kuutoa. Iwe "atalipa".

Hapo ni rahisi, maana wote wawili ni watu na ngeli yao ni moja. Ugumu ulikuwa kwenye kifungu kilichofuata: "Jahazi au ngalawa vitakavyolala dikoni vitalipiwa." Jahazi hutaka "li-", ngalawa hutaka "i-", basi mwandishi akakimbilia "vi-". Ni kweli tunaitumia hiyo tukikusanya vitu vya ngeli mbalimbali: "Jahazi na ngalawa vimezama." Lakini huko ni kukusanya, na "au" haikusanyi.

Waandishi wa Kiingereza wana kanuni ya ukaribu: kitenzi kifuate nomino iliyo jirani nacho. Kwao mara nyingi swali ni umoja au wingi tu. Sisi tuna na ngeli juu yake. Katika mazungumzo ukaribu unatosha kabisa. Mtu akisema mnadani, "Jahazi au ngalawa italala hapa leo," hakuna atakayemrudisha nyuma. Kwenye kanuni inayotoza watu pesa naona hautoshi, kwa sababu "i-" imeishika ngalawa na kuliacha jahazi bila kitenzi chake. Dawa ni kutafuta jina linalovibeba vyote na kulipatia kitenzi: "Chombo kitakacholala dikoni, kiwe jahazi au ngalawa, kitalipiwa." Sentensi imenyooka, na mwenye jahazi hana pa kuponyokea.

Umoja na wingi vikichanganyika, weka wingi mwisho: "Nahodha au mabaharia watashusha samaki." Nafsi zikitofautiana, gawa kitenzi: "Utakwenda wewe au nitakwenda mimi." Anayesema "mimi au wewe tutakwenda" ameahidi safari ya watu wawili.

"Wala" ni jambo jingine, na hapa siwafuati wanaodai umoja kila mahali. Rasimu ilisema: "Nahodha wala mwenye chombo haruhusiwi kuuza samaki nje ya mnada." Niliandika "hawaruhusiwi". "Wala" haichagui mmoja. Inawakataza wote wawili kwa pamoja, kwa hiyo wingi unasema kweli. Umoja unarudi pale tu tunapowataja mmoja mmoja: "Hakuna hata mmoja kati yao anayeruhusiwa." Hapo kitenzi kinamfuata huyo "mmoja", na "wanaoruhusiwa", ingawa nimeisikia mara nyingi, ni kosa.